Betri ya lithiamu inapopungua nguvu kwa joto au baridi: kusoma chati ya seli na kutafuta kosa

Seli ya lithiamu ya aina ya LFP iliyoandikwa 280 Ah hutoa ampea-saa hizo 280 ikiwa mwili wake una nyuzi 25 za Selsiasi. Ipeleke Makete mwezi wa Julai, au iweke ndani ya kibanda cha mabati Lodwar saa nane mchana, na namba hiyo haitoshi tena kukueleza utapata nini. Kinachoeleza ni chati ya joto iliyo ndani ya karatasi ya data ya seli, ukurasa ambao wengi huuruka wakikimbilia ujazo na bei.

Mwongozo huu unafuata malalamiko manne yanayorudi mara kwa mara kwenye mifumo ya sola ya nyumbani na ya vituo vidogo. Hesabu zote zinatumia betri moja ili zilingane: seli 16 za LFP za 280 Ah zilizofungwa mfululizo, yaani volti 51.2 na takriban kWh 14.3.

## Kwanza, chati inasema nini hasa

Karatasi ya data huwa na habari mbili tofauti kuhusu joto, na kosa kubwa ni kuzichanganya. Ya kwanza ni ujazo unaotoka: ukiichaji seli hadi ijae kisha ukaitoa hadi volti 2.5, asilimia ngapi itatoka katika kila kiwango cha joto. Ya pili ni mkondo unaoruhusiwa: katika joto fulani, unaweza kuichaji au kuitoa kwa ampea ngapi bila kuiumiza. Mkondo huandikwa kwa alama ya C. Kwa seli ya 280 Ah, 1C ni ampea 280, na 0.5C ni ampea 140.

Jedwali hili ni mfano wa namna seli nyingi za LFP zinavyokaa. Lisome ili uelewe umbo lake, kisha weka namba za karatasi ya seli yako, kwa kuwa watengenezaji hutofautiana.

| Joto la seli (nyuzi) | Ujazo unaotoka | Mkondo wa juu wa kuchaji |
|---|---|---|
| Chini ya 0 | hupungua hadi 65% hivi kwenye −20 | usichaji |
| 0 hadi 5 | 88% | 0.05C (14 A) |
| 5 hadi 10 | 92% | 0.12C (34 A) |
| 10 hadi 15 | 95% | 0.3C (84 A) |
| 15 hadi 45 | 98 hadi 101% | 0.5C (140 A) |
| 45 hadi 55 | 100% au zaidi kidogo | 0.3C (84 A) |
| Juu ya 55 | bado unatoka | usichaji |

Angalia safu mbili za kulia kwa makini. Kwenye baridi ya nyuzi 6, ujazo umepungua kidogo tu, asilimia 8, lakini mkondo wa kuchaji umeshuka kutoka ampea 140 hadi 34. Katika nyanda zetu za juu, baridi huanza kwa kukunyang'anya saa za kuchaji kabla haijakunyang'anya ujazo. Upande wa joto ujazo haupungui kabisa, na ndiyo maana watu husoma safu ya ujazo peke yake wakaamini kwamba joto halina neno.

Joto linalotajwa ni la seli yenyewe, si la hewa ya nje wala la chumba. Betri yenye kilo 86 za seli hupoa na kupata joto polepole sana, hivyo saa tatu asubuhi jua likiwa kali, seli zinaweza kuwa bado na ubaridi wa usiku.

Jambo la pili linahusu BMS, ile bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri. BMS nyingi za bei ya kawaida haziifuati chati hii. Zinajua kuruhusu au kukata, basi. Ikiwa imewekwa ikate chaji chini ya nyuzi 0, basi kwenye nyuzi 3 itaruhusu ampea 100 zipite bila kulalamika, wakati chati inaruhusu 14. Hakuna kitakachozima wala kulia. Uharibifu utatokea kimya kimya, nawe utauona baada ya miezi.

## Dalili ya 1: Jua limetoka lakini chaji haiingii, au inaingia kidogo mno

Dalili hii ni ya asubuhi kwenye maeneo ya baridi: Makete, Kinangop, miteremko ya juu ya Kilimanjaro. Paneli zina volti, kontrola ya sola inawaka, lakini ampea ni sifuri hadi saa nne au saa tano.

Sababu ya kawaida kuliko zote: BMS imefunga chaji kwa sababu ya baridi. Fungua programu ya BMS kwenye simu, soma joto la seli na hali ya swichi ya kuchaji. Joto likiwa chini ya kiwango kilichowekwa, mara nyingi nyuzi 0 au 5, BMS inafanya kazi yake. Usishushe kiwango hicho ili "ipite". Seli inapochajiwa chini ya sifuri, lithiamu hushindwa kuingia ndani ya grafaiti ya upande wa hasi kwa kasi inayotakiwa, ikabaki juu ya uso wake kama utando wa metali. Sehemu kubwa ya lithiamu hiyo hairudi tena kazini, na utando ukiendelea kukua unaweza kuleta shoti ndani ya seli.

Sababu ya pili: mkondo umepunguzwa kwa makusudi. Betri zinazozungumza na inveta kwa waya wa mawasiliano hutuma kikomo cha mkondo wa kuchaji, kinachosomeka CCL kwenye skrini. Ukiona CCL ya 14 A au 34 A asubuhi, kisha ikapanda saa baada ya saa, mfumo ni mzima na unafuata chati.

Sababu ya tatu: kihisi cha joto kinadanganya. Kihisi cha kawaida ni kile cha kΩ 10 kwenye nyuzi 25. Ukinzani wake hupanda hadi karibu kΩ 27 au 28 kwenye nyuzi 0, na hushuka hadi karibu kΩ 4 kwenye nyuzi 50. Waya ukikatika, programu huonyesha joto lisilowezekana, mara nyingi −40. Chomoa kihisi kwenye BMS, kipime kwa multimita, kisha kifunge ndani ya mfuko mdogo wa plastiki na ukitumbukize kwenye kikombe cha maji yenye barafu nyingi. Baada ya dakika 5 kinapaswa kuwa karibu na ukinzani wa nyuzi 0. Kama kinapima sawa lakini programu inaonyesha kingine, tatizo ni soketi au aina ya kihisi iliyochaguliwa.

Angalia pia kimebandikwa wapi. Kihisi kinachoning'inia hewani husoma hewa. Kilichobanwa juu ya bodi ya BMS husoma joto la bodi, ambalo wakati wa kazi linaweza kuwa nyuzi 10 au 20 juu ya seli. Mahali pake ni kwenye ubavu wa seli, kimoja katikati ya safu na kingine kwenye seli ya pembeni, kwa kuwa ya pembeni ndiyo inayopoa zaidi.

### Kurekebisha: pasha seli, au punguza mkondo

Njia rahisi ni kuweka kikomo cha chaji kwenye kontrola. Kama seli zako huamka na nyuzi 6, weka ampea 34 na uache hivyo msimu wote wa baridi. Ampea 34 kwa volti 52 ni karibu wati 1,770. Kwa saa 7 za jua zuri ni zaidi ya kWh 12, yaani betri inakaribia kujaa hata kwa mwendo huo wa taratibu. Nyumba nyingi hazihitaji zaidi.

Ukihitaji chaji ya haraka, pasha. Seli hizi 16 zina kilo 86 hivi, na kupandisha joto lake kwa nyuzi 1 kunataka karibu Wh 24. Kutoka nyuzi 6 hadi 15 ni nyuzi 9:

```
9 x 24 Wh = 216 Wh
216 Wh / 100 W = saa 2.2
```

Pedi ya wati 100 itachukua saa mbili na robo, na ukihesabu joto linalopotea kwenye kuta za sanduku, panga saa tatu. Gharama yake ni asilimia 1.5 tu ya betri iliyojaa, mradi sanduku limewekewa sponji ngumu ya sentimita 3 hadi 5 pande zote pamoja na chini. Sakafu ya saruji hufyonza joto kuliko hewa, na wengi huisahau. Pedi iwe na thamostati ya kuzima kwenye nyuzi 15 au 20, fyuzi yake yenyewe, na bamba jembamba la alumini kati yake na seli ili joto lienee badala ya kuchoma sehemu moja. Iwashe kwa umeme wa paneli jua linapotoka. Kuipasha usiku kucha ni kuila betri bure.

## Dalili ya 2: Inveta inazima alfajiri wakati skrini inaonyesha asilimia 20 au zaidi

Hapa ujazo unaonekana kama umepotea. Kipimo kinasema bado kuna chaji, lakini pampu au birika likiwashwa, inveta inalia na kukata.

Sababu inayoongoza ni ukinzani wa ndani unaopanda kwenye baridi, ukikutana na kikomo cha volti kilichowekwa kwenye inveta. Chati ya ujazo ilichorwa kwa kutoa hadi volti 2.5 kwa seli. Inveta yako huenda imewekwa kukata kwenye volti 48, yaani 3.0 kwa seli. Wewe na mtengenezaji hampimi kitu kimoja.

Tufanye hesabu. Chukua kwamba kila seli pamoja na viungo vyake ina mΩ 0.5 kwenye nyuzi 25, na kwenye nyuzi 0 inafika mΩ 1.5. Seli iliyopumzika ina volti 3.20, ambayo kwa LFP ni karibu asilimia 20 ya chaji. Mzigo ni ampea 140:

```
Nyuzi 25:  3.20 - (140 x 0.0005) = 3.13 V   x 16 = 50.1 V
Nyuzi 0:   3.20 - (140 x 0.0015) = 2.99 V   x 16 = 47.8 V
```

Kwenye baridi inveta inaona 47.8 na kuzima. Kwenye joto la kawaida, betri ileile yenye chaji ileile ingeendelea. Punguza mzigo hadi ampea 35 na volti kwenye nyuzi 0 inarudi juu ya 50, maana yake chaji haikupotea, ilikuwa haifikiki tu kwa mzigo ule. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kuthibitisha: zima mizigo mikubwa, subiri dakika 10, soma volti. Ikirudi juu ya 51, tatizo ni baridi na mzigo.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, angalia volti ya kila seli wakati mzigo umewashwa. Ikiwa zote zimeshuka pamoja, zikitofautiana kwa volti 0.03 au pungufu, endelea. Ikiwa moja imezama peke yake, kwa mfano 2.70 wakati nyingine ziko 3.05, baridi imefichua tu seli dhaifu au kiungo kilicholegea, nenda Dalili ya 3.

Zote zikiwa sawa, una njia tatu. Gawanya mizigo ili pampu na birika visiwake pamoja alfajiri. Shusha kikomo cha inveta hadi volti 46.4, ambayo ni 2.9 kwa seli, huku BMS ikibaki kulinda kila seli kwenye 2.5 au 2.6. Au hifadhi joto la mchana kwa sanduku lenye sponji. Sikushauri kushusha kikomo cha BMS chenyewe. Hiki ni ulinzi wa mwisho, na ukikiondoa, seli iliyo dhaifu kuliko wenzake ndiyo itakayolipa.

Sababu ya mwisho, isiyo ya mara nyingi, ni kipimo cha asilimia kilichopotoka. Asilimia inayosomeka SOC huhesabiwa kwa kujumlisha ampea zinazoingia na kutoka. Haijui baridi, na kama betri haijajaa kabisa kwa wiki kadhaa, makosa madogo hujilimbikiza. Ijaze hadi mwisho siku moja yenye jua ili ijirekebishe, kisha uangalie tena.

## Dalili ya 3: Betri inakatika saa saba hadi saa kumi mchana, kwenye joto kali

Lodwar, Garissa, Dodoma mwezi wa Novemba, na kwa ndugu zetu walioko Maskati karibu kiangazi chote. Chaji inaingia vizuri asubuhi, kisha BMS inakata, inarudi, inakata tena.

Swali la kwanza ni kama seli zote zimepata joto au ni sehemu moja. Shika kamera ya joto au kipima joto cha infraredi, na upime kila ubavu wa seli na kila kiungo wakati mkondo mkubwa unapita. Kumbuka kipima hicho hudanganywa na metali inayong'aa, hivyo bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme juu ya kila kiungo na upime tepu.

Zote zina joto linalokaribiana: chumba ndicho tatizo. Hii ndiyo ya kawaida zaidi. Chini ya bati lisilo na dari, hewa ya mchana hupita nyuzi 45 kirahisi, na hapo seli zako zinaanza kazi zikiwa tayari kwenye mstari wa sita wa jedwali. Mara nyingi inveta inazidishia. Inveta inayotoa kW 3 kwa ufanisi wa asilimia 92 inamwaga wati 260 za joto chumbani. Betri yenyewe, ikichajiwa kwa ampea 140 na mΩ 0.5 kwa seli, inazalisha:

```
140 x 140 x 0.0005 = 9.8 W kwa seli   x 16 = 157 W
70 x 70 x 0.0005  = 2.45 W kwa seli   x 16 = 39 W
```

Ukipunguza mkondo nusu, joto la ndani linabaki robo. Ndiyo maana dawa ya kwanza isiyogharimu kitu ni kuweka kikomo cha chaji ampea 70. Ni chini ya 84 zinazoruhusiwa na jedwali la mfano kati ya nyuzi 45 na 55, na betri bado inajaa kutoka tupu kwa saa nne hivi. Kama una kontrola inayoruhusu ratiba, chaji kwa nguvu kabla ya saa tano asubuhi na uachie mchana ubebe mizigo.

Kisha tenganisha betri na inveta. Betri iwe chini, inveta isiwe chini ya betri, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Weka tundu la hewa karibu na sakafu upande wa kivuli na lingine juu upande wa pili, kila moja likiwa na wavu wa kuzuia panya na mijusi. Feni husaidia kuondoa joto la inveta, lakini haiwezi kupoza seli chini ya joto la hewa inayoivuta. Kama hewa ya nje ni nyuzi 42, feni inakupa 42 na kidogo. Hapo dari, rangi nyeupe juu ya bati na kivuli vinafanya kazi kubwa kuliko feni ya pili.

Sehemu moja ina moto: kiungo kimelegea au kimeota kutu. Kiungo kibovu cha mΩ 1 kwenye ampea 140 kinazalisha wati 19.6 mahali pamoja, mara mbili ya seli nzima, na joto hilo hutiririka moja kwa moja ndani ya kichwa cha seli. Kihisi kilicho jirani kikilisoma, BMS itadhani betri yote imechemka.

Pima hivi, mkondo ukiwa ampea 100 na usiobadilika:

1. Weka multimita kwenye mV za umeme wa moja kwa moja.
2. Ncha moja iguse kichwa cha seli chenyewe, nyingine iguse kibao cha shaba kinachounganisha, si boliti.
3. Kiungo kizuri cha mΩ 0.1 kitaonyesha mV 10. Andika namba za viungo vyote 32.
4. Kinachozidi wenzake mara mbili kifunguliwe, kisafishwe na kufungwa upya kwa mkazo ulioandikwa kwenye karatasi ya seli.

Kabla ya hatua ya 4, zima inveta, zima kontrola, toa fyuzi kuu. Vua pete na saa, na ufunge tepu mpini wote wa spana. Volti 51 hazitakurusha kama umeme wa nyumbani, lakini shoti ya seli hizi ni maelfu ya ampea, na spana inayodondoka juu ya vichwa viwili huyeyuka mkononi. Nyuzi za boliti ndani ya kichwa cha alumini hukatika kwa urahisi, kwa hiyo usikaze kwa kubahatisha. Zikikatika, seli hiyo ni ya fundi mwenye vifaa vya kuchomelea.

Hakuna penye moto, lakini BMS inakata hata hivyo. Angalia kihisi kama ilivyoelezwa juu. Kisha angalia joto la bodi ya BMS, ambayo ina kikomo chake yenyewe. Bodi ya ampea 100 inayobebeshwa ampea 95 mchana kutwa ndani ya nyuzi 45 itakata kwa joto lake hata seli zikiwa na nyuzi 40. Dawa ni bodi kubwa zaidi au mkondo mdogo.

Lipo kosa moja la mpangilio linalofanana na haya. Kontrola iliyotumika na betri za asidi hubaki na fidia ya joto, kwa kawaida −3 mV kwa nyuzi kwa kila seli ya volti 2. Mfumo wa volti 48 unahesabiwa kuwa na seli 24 za aina hiyo. Nyuzi 20 juu ya 25, kontrola inashusha volti ya kuchaji kwa 1.44. Ikiwa uliweka 56.8, inakuwa 55.4, na mfumo wa kusawazisha seli huenda usianze. Nyuzi 20 chini ya 25, inapanda hadi 58.2, karibu 3.64 kwa seli kwa wastani, na seli yoyote iliyotangulia wenzake inavuka 3.65 na BMS inakata. Lithiamu haihitaji fidia hiyo. Iweke sifuri.

## Dalili ya 4: Ujazo umepungua mwezi baada ya mwezi na haurudi

Hapa tunatenganisha upungufu wa muda, ule wa chati, na upungufu wa kudumu. Baridi hukopa ujazo na kuurudisha seli zikipata joto. Joto haliukopi, linaula. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada karibu huongeza maradufu kasi ya kuzeeka, na betri inayokaa imejaa huzeeka haraka kuliko inayokaa nusu. Idadi ya mizunguko iliyochapishwa kwenye karatasi ni ya nyuzi 25. Tafuta mstari wa nyuzi 45 kwenye karatasi hiyohiyo, ukiwepo, utaona namba ndogo zaidi.

Usiamue kwa kuangalia SOC. Pima:

1. Jaza hadi 56.8 V, subiri mkondo ushuke hadi ampea 14 hivi, kisha acha betri ipumzike saa 1.
2. Toa kwa mzigo usiobadilika wa ampea 56, yaani 0.2C, ukihesabu ampea-saa kwa kipimo cha shanti.
3. Simama seli ya kwanza inapofika volti 2.5. Ifuatilie kwa macho kuanzia 3.0, kwa sababu mwishoni volti hudondoka ghafla.
4. Andika joto la seli mwanzoni na mwishoni. Chaji tena mara moja.

Sasa rudisha matokeo kwenye nyuzi 25:

```
Ah halisi = Ah ulizopima / sehemu ya chati
252 / 0.92 = 274 Ah
```

Ukipata 252 kwenye seli za nyuzi 8, betri yako ina 274 kati ya 280, yaani asilimia 98. Haina ugonjwa. Ukipata 252 zilezile kwenye nyuzi 30, ambako chati inakupa 1.0, umepoteza asilimia 10 kweli, na hakuna chaji wala "kuamsha" kutakakozirudisha. Namba moja, hukumu mbili, na tofauti yote ni joto uliloliandika kwenye hatua ya 4.

Upungufu wa kudumu ukithibitika, hatua zilizobaki ni za kupunguza mwendo wake. Shusha volti ya kuchaji hadi 55.2, ambayo ni 3.45 kwa seli, na volti ya kushikilia hadi 53.6, ili betri isikae imejaa mchana kutwa ikichemka. Panga upya mahitaji kwa ujazo uliopo. Nyumba inayokula kWh 10 usiku ilikuwa inatumia asilimia 70 ya betri mpya, na betri iliyobaki na asilimia 80 ya ujazo itatumika asilimia 87 kila usiku, karibu sana na kikomo. Kama seli moja au mbili zimeanguka mbali na nyingine, usizibadilishe na mpya kabisa bila kuzipima zote, kwa kuwa seli dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua ujazo wa mfululizo mzima.

## Simama na uite fundi wa betri za lithiamu

Acha kupima na utenge betri ukiona seli imevimba kiasi cha kusukuma fremu, ukisikia harufu tamu kama ya kiyeyushio cha rangi, au ukiona unyevu kwenye tundu la usalama juu ya seli. Vilevile ikiwa seli inazidi kupata joto wakati hakuna mkondo unaoingia wala kutoka, au imeshuka chini ya volti 2.0. Seli iliyofika huko isichajiwe kwa chaja ya kawaida, hata ikionekana kupokea.

Ukijua kwamba betri imechajiwa chini ya sifuri kwa siku kadhaa, kwa mfano kihisi kilikuwa kimebandikwa kwenye BMS, iondoe kazini kabla ya kipimo cha ujazo. Fundi ataichaji taratibu kwenye nyuzi 25 na kuiacha wiki mbili bila mzigo, akiandika volti ya kila seli kila siku. Seli inayoshuka peke yake wakati wenzake wametulia ina uvujaji wa ndani, na hiyo inatolewa.

Moshi ukianza, usifungue sanduku. Toka, funga mlango, zuia watu wasiingie na upige simu ya zimamoto: 114 Tanzania, 999 Kenya. Waambie mapema kwamba ni betri ya lithiamu na ni ya kWh ngapi.